Harusi Moja, Kamera Tatu: Mambo ya Kuamua Kabla ya Kuhariri Video

Tuseme umepata kazi yako ya kwanza ya kulipwa. Harusi ni Jumamosi. Asubuhi kuna ibada kanisani Kitengela. Mchana msafara unashika barabara ya Namanga, unapita Isinya, na jioni sherehe inamalizikia bomani kwa wazazi wa bwana harusi, nje kidogo ya mji wa Kajiado. Una kamera ya kuazima, una simu yako, na binamu wa bibi harusi ameahidi kwamba naye atarekodi kwa simu yake. Jumatatu utaketi mbele ya kompyuta ya kawaida uunganishe vyote hivyo, itoke filamu moja ya saa mbili.

Wengi wanaoanza hudhani kazi ya kuhariri inaanza hiyo Jumatatu. Kumbe ikifika siku hiyo mambo manne yameshaamuliwa, na kama hukuyaamua wewe, basi yaliamuliwa na kiwanda kilichounda simu: kila sekunde ina picha ngapi, kila picha ina ukubwa gani, picha hizo zimebanwa kwa njia gani, na zimefungwa ndani ya faili la aina gani. La kwanza ndilo gumu kuliko yote kurekebisha baadaye, kwa hiyo nitalikalia zaidi.

Fremu 25 au 30?

Video ni picha zilizosimama tuli, zinazopita upesi mbele ya macho mpaka zionekane kama kitu kimoja kinachosonga. Kila picha ni fremu. Kamera yako ya kuazima pengine imewekwa kurekodi fremu 25 kwa sekunde. Simu karibu zote hutoka dukani zikiwa kwenye 30. Tofauti hiyo ina asili yake. Stima ya Kenya ni ya hezi 50, na runinga ya analogia tuliyoirithi, ya mfumo wa PAL, ilijengwa juu ya nusu ya namba hiyo. Marekani stima yao ni ya hezi 60, nao wakajenga juu ya 30. Mitambo yetu ya analogia ilizimwa mwaka 2015, lakini 25 ikabaki kuwa namba ya runinga huku kwetu.

Namba zote mbili ni nzuri. Shida huanza zikichanganywa. Ukiweka klipu ya simu yenye fremu 30 kwenye taimlaini ya 25, programu haina pa kuziweka fremu tano za ziada katika kila sekunde, kwa hiyo inazitupa: moja katika kila sita. Mchungaji akiwa amesimama anahubiri, hakuna atakayeona kitu. Lakini bibi harusi akitembea kuelekea madhabahuni, au ukiizungusha kamera polepole kufuata upeo wa mbuga za Kajiado, mwendo unashtuka mara tano kila sekunde. Mtazamaji hajui jina la ugonjwa huo, ila anauona. Shangazi mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, mbona hapa wanatembea kama wanajikwaa?" Nilikuwa nimetafuta kosa kwenye kompyuta siku mbili nzima, na kosa lenyewe lilikuwa limefanyika siku ya harusi.

Basi uamue namba moja, na vifaa vyote viifuate. Mimi huanza kwa kuuliza ni kifaa gani hakiwezi kubadilika. Kamera nyingi hukubali 25 na 30. Kwenye simu ya iPhone, ingia Settings, kisha Camera, kisha Record Video, uwashe Show PAL Formats. Chaguo za 25 zitatokea. Simu nyingi za Android hazina 25 katika programu yao ya kamera, ingawa baadhi huipata kupitia programu ya bure ya Blackmagic Camera. Vifaa vyote vikikubali 25, chukua 25, hasa kama kuna uwezekano wa sehemu ya filamu kurushwa na kituo cha runinga. Simu ya binamu ikikataa, na filamu ni ya kutazamwa nyumbani na kwenye YouTube, usishindane nayo: peleka kamera yako kwenye 30 na taimlaini iwe 30. Kulazimisha 25 kwa ajili ya heshima tu, huku thuluthi ya video zako ni za 30, ni kujiletea mashaka.

Kwa mfano wetu, tuseme vyote vimekubali 25. Pako mahali pamoja pa kuivunja kanuni hiyo kwa makusudi. Jioni morani watakaporuka, weka kamera kwenye 50. Sekunde moja ya kuruka sasa ina fremu 50, na ukizipanga kwenye taimlaini ya 25 zinachukua sekunde mbili kamili. Hakuna fremu inayotupwa wala inayorudiwa. Utaona shanga zikipanda na kushuka kifuani kwa nusu ya kasi, laini kabisa. Ukijaribu kupunguza kasi ya klipu iliyorekodiwa kwa 25, programu italazimika kurudia kila fremu mara mbili, na kuruka kule kutakatikakatika. Kwa hiyo amua kabla ya harusi ni matukio gani unataka yaende polepole. Rekodi hayo tu kwa 50, si siku nzima.

Kuna jambo linaloambatana na fremu ambalo watu hulichanganya nalo, nalo ni kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu huachwa ipokee mwanga. Taa za kanisani, za mirija na baadhi ya zile za bei nafuu za LED, hupepesa mara 100 kwa sekunde kwa sababu ya ile stima ya hezi 50. Shata ya 1/50 hupokea mipepeso miwili kamili, na ya 1/100 hupokea mmoja kamili, hivyo kila fremu inapata mwanga sawa. Shata ya 1/60 hukata mpepeso katikati, na matokeo yake ni mistari ya kivuli inayoteremka ukutani nyuma ya mchungaji. Mistari hiyo haiondoki kirahisi katika kuhariri. Dawa ni shata, si namba ya fremu: hata ukirekodi kwa 30, weka 1/50 au 1/100 ukiwa ndani, na utakuwa salama.

Simu inapodanganya kuhusu fremu

Simu ikipata joto au mwanga ukipungua, hupunguza fremu kimyakimya. Sekunde moja ina 30, inayofuata 28, nyingine 24. Sauti haipunguzwi. Baadhi ya programu za kuhariri huzipanga fremu hizo kana kwamba zote zina urefu sawa wa muda, na kwa kuwa zimepungua, picha inaanza kuitangulia sauti. Mahubiri ya dakika 40 niliyoyarekodi kwa simu katika kanisa moja lenye giza kidogo yalianza sawasawa. Mwishoni mhubiri alikuwa amefunga mdomo na sauti yake bado inaendelea.

Utalitambuaje tatizo hili? Tazama mwanzo wa klipu, kisha mwisho. Kama sauti na picha zimepishana kwa kiasi kilekile mwanzo na mwisho, hilo ni suala la kusogeza sauti kidogo tu. Kama mwanzo ni sawa na upishanaji unakua kadiri klipu inavyoendelea, kosa ni la fremu zinazobadilika. Programu ya bure iitwayo MediaInfo itathibitisha: fungua klipu ndani yake, tafuta mstari wa Frame rate mode. Ukisoma Constant, endelea. Ukisoma Variable, igeuze klipu kabla hujaiingiza kwenye mradi. Kwa anayetumia FFmpeg, amri ni hii:

```
ffmpeg -i simu.mp4 -r 25 -c:v libx264 -crf 18 -c:a copy simu_25.mp4
```

Hapo `-r 25` inadai fremu 25 kamili katika kila sekunde, na `-crf 18` inahifadhi ubora karibu na ule wa awali. Faili la mwanzo usilifute.

Na ukifungua mradi, weka namba ya fremu kwanza kabisa. DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure linatosha kwa kazi hii, ikipokea klipu ya kwanza isiyolingana na mradi, itakuuliza kama mradi ubadilike uifuate klipu hiyo. Anayeanza hubonyeza kukubali bila kusoma. Ikiwa klipu hiyo ni ya simu ya binamu, mradi mzima wa harusi umehamia 30, na ukishapanga klipu kwenye taimlaini, namba yake haibadilishwi tena.

Ukubwa wa picha

Rezolusheni ni idadi ya nukta, yaani pikseli, katika kila fremu. Ile inayoitwa 1080p ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu wa kwenda juu. 4K ya kamera zetu ina 3840 kwa 2160, mara mbili kila upande, kwa hiyo ni pikseli mara nne. Filamu ya harusi itatazamwa kwenye simu na kwenye runinga ya sebuleni. 1080p inatosha kabisa kuitolea. Basi 4K ya nini?

Ni ya kukata. Siku hizi familia hutaka filamu, na hutaka pia vipande vya kusimama wima vya kuweka kwenye status na TikTok, pikseli 1080 kwa upana na 1920 kwenda juu. Chukua fremu ya 1080p iliyolala na ukate ndani yake kipande cha wima: kimo chake ni 1080, na upana unaobaki ni kama pikseli 607 tu. Kuinyoosha 607 ijaze 1080 ni kuikorofisha picha. Uso wa bibi harusi unakuwa kama umepakwa mafuta. Kata kipande hichohicho kwenye 4K, upana ni pikseli 1215. Zinatosha na kuzidi. Kwa hiyo rekodi kwa 4K matukio utakayoyakata wima: kuingia kwa bibi harusi, kiapo, morani. Mazingira, hotuba na kukata keki, 1080p inatosha na kadi yako ya kumbukumbu itakushukuru. Ukirekodi morani, rudi nyuma hatua kadhaa uache nafasi juu ya vichwa. Anayeruka hukatwa kichwa na fremu yenyewe, na hakuna rezolusheni inayomrudisha.

Kuhusu klipu za binamu, usikubali atume kwa WhatsApp kama video. WhatsApp hupunguza, na video iliyorekodiwa kwa 1080p inaweza kukufikia ikiwa na upana wa pikseli 848. Mwambie aitume kama Document, ambayo hupokelewa kama ilivyo hadi gigabaiti 2 kwa faili, au njoo na waya uchukue kutoka kwenye simu yake palepale kabla hajaondoka bomani.

Kodeki: robota la mitumba

Fremu 25 za 1080p zikihifadhiwa bila kubanwa, kadi ingejaa kabla mchungaji hajamaliza kusalimia. Kodeki ni njia ya kubana, na pia ya kufungua kilichobanwa. Anayejua robota la mitumba ameshaelewa nusu ya somo: nguo nyingi zimeshindiliwa mpaka zikatosha mahali padogo, lakini ukitaka kumwonyesha mteja shati la katikati, itabidi ulegeze robota.

H.264, kodeki iliyotoka 2003 na inayochezwa karibu kila mahali, hufanya hivyo kwa ujanja. Inahifadhi fremu moja nzima, kisha kwa fremu zinazofuata inahifadhi tu kilichobadilika. Mchungaji akisimama mbele ya ukuta, ukuta haurudiwi. H.265, ya mwaka 2013, inayoitwa pia HEVC, hubana zaidi: katika iPhone, dakika moja ya 4K yenye fremu 30 huchukua takriban megabaiti 170 kwa HEVC, na takriban mara mbili ya hapo kwa H.264.

Sasa fikiria kompyuta yako. Unapoivuta taimlaini mpaka fremu ya katikati, fremu hiyo haimo nzima ndani ya faili. Kompyuta inarudi nyuma mpaka ile fremu kamili, inapiga hesabu ya mabadiliko yote, ndipo inakuonyesha. Hii ndiyo sababu video inayocheza vizuri ukiitazama tu inakwama ukianza kuihariri. Mtu huilaumu kompyuta na kuanza kutafuta pesa za mpya. Mara nyingi kinachohitajika ni proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria, ambazo kila fremu yake imehifadhiwa nzima. Katika Resolve, chagua klipu, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Generate Proxy Media. Kodeki nzuri ya proksi kwenye Windows ni DNxHR LB. Unahariri kwa nakala hizo, na wakati wa kutoa filamu programu inarudi kwenye faili za awali. Gharama yake ni nafasi: kwa ukubwa wa 1080p na fremu 25, DNxHR LB hula karibu megabaiti 270 kwa dakika. Saa tatu za video ni kama gigabaiti 49. Iache kompyuta izitengeneze usiku.

Nafasi ya kadi nayo hupigiwa hesabu hapa, kwa sababu ni kasi ya kodeki, si rezolusheni peke yake, inayoamua ukubwa wa faili. Angalia kwenye kamera kasi hiyo ni megabiti ngapi kwa sekunde, gawanya kwa 8 upate megabaiti, zidisha kwa 60 upate dakika. Kamera ya 4K kwa megabiti 100 ni megabaiti 750 kwa dakika, yaani gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 64 inakupa kama dakika 85. Ibada peke yake inaweza kuzidi hapo.

Kontena, na stima inapopotea

MP4, MOV na MKV si kodeki. Ni kontena: chombo kinachobeba picha iliyobanwa, sauti, na daftari la kuonyesha kila kitu kiko wapi. Ndani ya MP4 mbili zinazofanana jina kunaweza kuwa na H.264 katika moja na H.265 katika nyingine, ndiyo maana runinga inacheza moja na kuikataa ya pili. Kubadilisha jina la faili kutoka .mkv kuwa .mp4 hakuhamishi chochote. Kuhamisha kweli ni hivi:

```
ffmpeg -i ibada.mkv -c copy ibada.mp4
```

Amri hiyo humaliza ibada ya saa mbili kwa muda mfupi sana, kwa kuwa haibani upya. Inatoa mzigo kwenye chombo kimoja na kuutia katika kingine, bila kupoteza ubora hata chembe.

Kontena huwa na uzito siku ambayo kanisa linarekodi kwa kompyuta kupitia OBS. MP4 ya kawaida huandika lile daftari mwishoni, ukibonyeza kusimamisha. Stima ikipotea kabla ya hapo, picha zote zimo ndani ya faili lakini hakuna kinachojua zinaanzia wapi, na faili halifunguki. Nilipoteza kiapo cha watu namna hiyo. MKV huandika habari zake kadiri inavyokwenda, kwa hiyo stima ikikatika unapoteza sekunde chache za mwisho tu. Rekodi kwa MKV, kisha baada ya ibada ingia File, halafu Remux Recordings, upate MP4 ya kuhariria.

Kwa kutolea filamu, chagua kontena ya MP4, kodeki ya H.264, 1080p, fremu 25, na takriban megabiti 8 kwa sekunde. Kisha kumbuka flashi. Wazazi wa bwana harusi wataichomeka kwenye runinga, na flashi nyingi ndogo zimeumbizwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofikia gigabaiti 4. Filamu ya saa mbili kwa kasi hiyo ni gigabaiti 7.2. Igawe sehemu mbili, Kitengela na Kajiado, kila moja ya saa moja na gigabaiti 3.6, na zote mbili zitaingia.

Siku ya Alhamisi kabla ya harusi, rekodi dakika mbili kwa kila kifaa, simu ya binamu ikiwemo, ndani ya kanisa lenyewe taa zikiwaka. Zisome kwenye MediaInfo, ziweke kwenye mradi, uvute taimlaini. Kosa lolote kati ya haya likiwepo utaliona siku hiyo, na Ijumaa bado unayo.